Kionjo cha podikasti kwa nukuu moja: kutoka kwenye rekodi hadi kiungo kinachofunguka

"Miaka ishirini na tano niko baharini, unanifahamu? Na kuogelea sijui."

Maneno hayo yanasemwa kwa sekunde nane. Mtu akiyasikia kwenye simu huku amesimama kituoni anasubiri daladala, kuna maswali mawili yatakayomkaa kichwani: huyu ni nani, na imewezekanaje? Kionjo chote nitakachokijenga hapa, yaani kipande kifupi cha kukitangaza kipindi, kimesimama juu ya maswali hayo mawili. Kinajibu la kwanza, la pili kinaliachia kipindi chenyewe.

Mahojiano ninayoyatumia nimeyatunga kwa ajili ya mwongozo huu ili niweze kuyakatakata mbele yako bila kugusa sauti ya mtu wa kweli. Hali inayosimuliwa, hata hivyo, ni ya kweli. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Hufika shambani kwa miguu maji yakitoka, hasa siku za bamvua, maji yanapotoka mbali zaidi. Aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa kwenye maji mafupi kadiri yanavyozidi kupata joto. Njia mojawapo iliyobaki ni kuupanda kwenye maji marefu, na huko hakuendeki kwa miguu. Tuseme tumerekodi dakika 52 na mkulima mmoja, tumehariri kipindi cha dakika 35, na tumekiita "Maji Marefu". Sasa tunataka kionjo cha sekunde 40.

Kuitafuta nukuu

Usianze na maandishi ya mahojiano. Nukuu nyingi zinazopendeza kwenye karatasi hupotea zikisikika, na zile zinazomshika msikilizaji mara nyingi hazina sura nzuri zikiandikwa. Sikiliza rekodi nzima mara moja, ukiwa na kalamu, na kila unapoinua kichwa andika dakika na sekunde. Usiandike sababu. Ukimaliza utakuwa na alama kati ya tano na kumi. Rudia hizo tu.

Kwenye mahojiano yetu alama nne ndizo zilizobaki mwisho. Ya kwanza: "Mwani ulikuja huku mwaka themanini na tisa, tukapewa mbegu na kamba." Hiyo ni taarifa, na taarifa mtangazaji anaweza kuisema mwenyewe. Ya pili: "Mwani umetuinua sana sisi wanawake." Ni kweli na ameisema kwa moyo, lakini badala ya mwani ungeweza kuweka ushonaji, vikoba au ufugaji wa kuku, na sentensi isingebadilika. Ya tatu: "Sasa naogelea hadi kwenye mashua na kurudi." Hii ina nguvu kuliko zote, nami ningeiacha bila kusita, kwa sababu ndiyo jibu. Ukiiweka kwenye kionjo umemaliza hadithi, na mtu hana tena haja ya kutafuta dakika 35 zilizobaki.

Ya nne ndiyo ile ya kutojua kuogelea. Ina vitu viwili visivyopatana, miaka mingi ndani ya bahari na kutojua kuogelea, na vyote viwili vinaonekana kwa macho ya akili. Haimhitaji mtu awe amesikia chochote kabla yake. Tena iko dakika ya 9, mapema kiasi kwamba kipindi bado kina safari ndefu baada yake. Mimi hupenda nukuu itoke kwenye theluthi ya kwanza ya kipindi. Msikilizaji aliyeingia kwa ajili ya sentensi fulani huisubiri, na asipoisikia ndani ya dakika kumi za mwanzo anaona amedanganywa.

Kuna jaribio moja la kufanya kabla ya kukata. Sikiliza dakika mbili kabla ya nukuu na dakika mbili baada yake, kisha jiulize kama mgeni angekubali kwamba hicho ndicho alichokisema. Tuseme mkulima wetu, dakika ya 21, anasema: "Kuna siku natamani niache. Lakini siachi, nitaachaje?" Ukikata kwenye "niache" umepata kionjo kikali, na umemzulia. Vivyo hivyo kuunganisha nusu ya sentensi ya dakika ya 9 na nusu ya dakika ya 30: sauti ni yake, kauli ni yako. Kufupisha ndani ya pumzi moja ni halali, ila kuunganisha mawazo mawili ya nyakati mbili tofauti si halali.

Kukata sauti

Hivi ndivyo maneno yalivyotoka kinywani mwake: "Mimi... eeh, mimi, miaka ishirini na tano niko baharini, unanifahamu? Na kuogelea sijui." Halafu anacheka. "Sijui kabisa."

Kule kujikwaa kwa mwanzo kunaondoka, kwa sababu sekunde mbili za kwanza ndizo zinazoamua kama kidole kitapita. "Unanifahamu?" inabaki. Mhariri mwenye haraka angeifuta kama kijazio, lakini ndiyo inayompa msikilizaji nafasi ya kumeza miaka ishirini na tano kabla ya kupigwa na nusu ya pili. Pia ndiyo inayomweka Unguja, kwani mtu wa bara angesema "unanielewa?" Kicheko kinabaki. "Sijui kabisa" inaondoka: ni kurudia, na inapunguza makali.

Kwa anayetumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, chagua kipande ukianzia katikati ya pumzi iliyotangulia neno la kwanza, wala si kwenye neno lenyewe. Ukianzia kwenye herufi, sikio linasikia mkato hata kama mtu hajui ni nini kilichomkera. Bonyeza `Z` ili mipaka ya ulichochagua ikae pale wimbi la sauti linapovuka sifuri, na ule mlio mdogo wa "tk" hautatokea. Baada ya kicheko acha sauti ya mahali iendelee peke yake kwa sekunde moja na nusu: mawimbi, upepo, chochote kilichokuwepo. Kama hukurekodi sauti ya mahali tupu, itafute kwenye mapengo mgeni alipokuwa akifikiri. Ukimya wa kidijitali, yaani sauti iliyokatika kabisa, humfanya msikilizaji adhani simu yake imekwama.

Muziki usiuanzishe chini ya nukuu. Najua wengi hufanya hivyo, na naelewa kwa nini, lakini kinanda cha huzuni chini ya maneno ya mama anayecheka kinamwambia msikilizaji ahuzunike kabla hajaamua mwenyewe. Ukiutaka, uingie pamoja na mtangazaji, kwa sauti ya chini.

Skripti yenyewe

Kiswahili kina maneno marefu, na hapo ndipo skripti nyingi zinapozidi muda. Mtangazaji anayesoma kwa utulivu hutoa maneno mawili hivi kwa sekunde, wakati mwingine zaidi kidogo. Kionjo cha sekunde 40 ambacho mgeni amechukua 11 na mawimbi moja na nusu kinakuachia sekunde 27 hivi. Hayo ni maneno yasiyozidi 60, pamoja na maelekezo ya kusikiliza. Hesabu kabla ya kuingia kwenye maikrofoni. Ukiwa na maneno 90 utasoma kwa kukimbia, na mbio hizo zitasikika.

Hii ndiyo skripti:

0:00 MGENI: Miaka ishirini na tano niko baharini, unanifahamu? Na kuogelea sijui.

0:08 Kicheko kinaishia, mawimbi peke yake.

0:10 MTANGAZAJI: Huyu ni mkulima wa mwani, mashariki ya Unguja. Shamba lake hulifikia kwa miguu, maji yakitoka. Lakini maji ya karibu yamepata joto, na mwani wenye bei haukui tena humo. Unataka maji marefu.

0:25 MGENI: Wakaniambia, panda ngalawa twende.

0:28 MTANGAZAJI: Je, alipanda? Kipindi kinaitwa Maji Marefu. Kiungo kimeandikwa kwenye kioo chako sasa hivi. Kifungue, bonyeza alama ya kucheza, basi.

0:40 Mwisho.

Angalia kwamba mtangazaji haanzi. Hakuna "karibu tena msikilizaji wetu mpendwa", hakuna jina la podikasti, hakuna mlio wa utambulisho. Vionjo vyangu vya mwanzo vilianza na mimi nikijieleza kwa sekunde 12, na niliposikiliza tena baada ya miezi michache nilitambua kwamba ningekuwa msikilizaji nisingefika kwa mgeni. Salamu ni adabu pale mtu anapokuwa ameshaingia nyumbani kwako. Kwenye kionjo bado yuko barabarani.

Angalia pia sentensi ya pili ya mtangazaji: "Shamba lake hulifikia kwa miguu, maji yakitoka." Inafanya kazi ambayo huenda haionekani. Bila hiyo, mama huyu anaweza kuonekana mzembe, au kituko cha kuchekwa. Sentensi hiyo inaonyesha kwamba kutojua kuogelea kulikuwa jambo la kawaida kabisa kwa kazi yake, na kwamba kilichobadilika ni bahari. Kila nukuu kali ina upande mmoja unaoweza kumuumiza aliyeisema, na mstari unaoufuata ndio mahali pa kumlinda.

Kipande cha pili cha mgeni, "panda ngalawa twende", si nukuu nyingine. Ni mlango unaofunguka. Kinachukua sekunde tatu na kinasogeza hadithi hatua moja. Ukijikuta unaweka nukuu ya pili yenye uzito sawa na ya kwanza, umeanza kutengeneza muhtasari wa kipindi, na zote mbili zitadhoofika.

Usiseme siku kwenye sauti. "Alhamisi hii" au "kesho usiku" vitakuwa uongo baada ya wiki moja, na video za WhatsApp husambazwa kwa miezi. Kwa sababu hiyohiyo napendelea kionjo kitoke saa ileile kipindi kinapotoka. Kionjo cha siku tatu kabla humwamsha mtu hamu na kumnyima cha kubonyeza.

Kabla ya kuhifadhi, linganisha kiwango cha sauti. Kipimo kinachotumika sana kwa podikasti ni -16 LUFS kwa sauti ya stereo, na -19 LUFS kwa mono. Kwenye Audacity amri ni `Loudness Normalization`. Halafu sikiliza kwa spika ya simu ya bei nafuu, si kwa vipokea sauti vya masikioni. Kama mawimbi yanameza "kuogelea sijui", punguza mawimbi.

Maandishi juu ya video

Watu wengi wataiona video kabla ya kuisikia, kwa sababu simu iko kimya. Kwa hiyo maneno ya mgeni yaandikwe makubwa, mistari miwili kwa wakati mmoja, kwenye picha ya wima ya 1080 kwa 1920. Yaache sehemu ya chini kabisa wazi, maana hapo ndipo vitufe na jina la akaunti hukaa juu ya video.

Kuwa mwangalifu na mahali pa kukata mstari. "Miaka ishirini na tano niko baharini" iwe skrini moja. "Na kuogelea sijui" isitokee mpaka aitamke. Ukionyesha yote kwa pamoja, jicho litafika mwisho kabla ya sikio, na pigo limekwisha.

Usimsahihishe mgeni kwenye maandishi. Akisema "nakwenda pwani" kwa maana ya kushuka ufukweni maji yakitoka, iandike hivyohivyo, hata kama mtu wa Dodoma ataelewa kwamba anasafiri kwenda mikoa ya pwani. Utata ukiwepo, autatue mtangazaji kwa sentensi yake, kama alivyofanya hapo juu kwa "maji yakitoka".

Sekunde 12 za mwisho zionyeshe kitu kimoja tu: jina la kipindi na anwani fupi ya ukurasa. Video ikisambazwa kutoka kundi hadi kundi, kapsheni inaweza kubaki nyuma, na kilichoandikwa ndani ya picha ndicho kinachosafiri nayo.

Kapsheni mbili, si moja

Kapsheni ya Instagram na ya WhatsApp hazifanyi kazi moja. Instagram video imeshaanza kucheza mtu anapoiona, na nukuu imeshaandikwa juu yake. Ukiirudia kwenye kapsheni umepoteza mstari pekee utakaosomwa, kwani Instagram huonyesha herufi 125 hivi kisha huficha nyingine. Kwa hiyo mstari wa kwanza uongeze kitu ambacho sauti haijakisema:

> Shamba lake liko baharini, na sasa linahamia kusikofikika kwa miguu.
>
> "Maji Marefu": dakika 35 na mkulima wa mwani wa mashariki ya Unguja.
>
> Kusikiliza: gusa jina letu hapo juu, kisha gusa kiungo cha kwanza. Hujisajili popote. Sauti tupu ni MB 17 hivi.

Kiungo hakiandikwi ndani ya kapsheni hiyo, kwa sababu Instagram haikifanyi kibonyezeke. Mtu hawezi kukinakili kwa urahisi, na atakata tamaa.

WhatsApp ni kinyume. Video kwenye kundi mara nyingi haijapakuliwa, mtu anaona picha yenye ukungu na ukubwa wa faili, na maandishi ndiyo yanayomshawishi atumie bando lake. Hapo nukuu ije mwanzo kabisa, na kiungo kiwe kwenye mstari wake peke yake:

> "Miaka 25 niko baharini, na kuogelea sijui."
>
> Mkulima wa mwani anasimulia siku alipoambiwa apande ngalawa. Dakika 35, MB 17 hivi.
>
> Bonyeza hapa, kitaanza bila kupakua programu:
>
> (kiungo)

Kwa Status, tengeneza pia toleo la sekunde 30. Kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa ukomo wa video moja ya Status, na ingawa umeongezwa, simu zenye toleo la zamani bado zinakata. Toa sentensi ya "Unataka maji marefu" na kipande cha ngalawa, ruka moja kwa moja kwenye jina la kipindi, na fupisha maelekezo yawe "Fungua kiungo kilicho kwenye kioo chako." Nukuu usiiguse.

Maelekezo ya kusikiliza

Podikasti nyingi za Kiswahili huishia na maneno "tusikilize popote unapopata podikasti zako". Maneno hayo yana maana kwa mtu ambaye tayari ana mahali anapopatia podikasti. Shangazi yako, ambaye hadithi ya mwani ingemgusa kuliko yeyote, hana mahali hapo. Wengine huorodhesha majukwaa sita, na sijui ni mara ngapi nimeona Google Podcasts bado ikitajwa ilhali ilifungwa mwaka 2024.

Chagua mlango mmoja na uueleze mpaka mwisho. Mlango mzuri kwa asiyezoea ni ukurasa wa wavuti wa kipindi, ule unaotolewa na kampuni inayohifadhi faili zako za sauti, ambao una kitufe cha kucheza na unafunguka kwenye kivinjari chochote. Kiungo cha Spotify mara nyingi humtaka mgeni apakue programu au ajisajili, na hapo unampoteza. Apple Podcasts inawafaa wenye iPhone. YouTube wanaijua wote, lakini kwa asiyelipia, sauti hukatika kioo cha simu kikizimwa, na hakuna anayekesha akitazama kioo dakika 35 huku anapika. Milango hiyo mingine iweke ndani ya ukurasa wako, chini ya kitufe, kwa wanaoitaka.

Ile "MB 17" si ya kubahatisha. Sauti ya mtu anayeongea, kwa mono, inasikika vizuri kwenye kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 35 ni sekunde 2,100. Zidisha kwa 64, gawanya kwa 8, unapata kilobaiti 16,800. Ukihifadhi kwa kilobiti 128, namba hiyo inaongezeka maradufu bila faida ambayo sikio litaigundua kwenye mahojiano. Taja ukubwa huo, kwa sababu anayenunua bando la siku huhesabu, na namba ndogo iliyosemwa wazi humpa ruhusa ya kubonyeza.

Kisha yajaribu maelekezo yako. Mpe simu mtu ambaye hajawahi kusikiliza podikasti, mtumie ujumbe wako wa WhatsApp kama ulivyo, na unyamaze. Usielekeze kidole. Hesabu mibofyo kutoka kwenye ujumbe hadi neno la kwanza la kipindi. Ikizidi miwili, au akikuuliza "sasa nibonyeze wapi?", kasoro iko kwenye maelekezo yako, na swali lake ndilo linalokuonyesha neno lililokosekana. "Alama ya kucheza" kwenye skripti yetu, kwa mfano, ingeweza kuwa "ile pembetatu", na kwa wasikilizaji fulani hiyo ndiyo inayoeleweka.

Ukitaka kionjo kisikike pia kwa wanaokufuata tayari kwenye programu zao za podikasti, kiweke kwenye mlisho wako, yaani ile orodha ya vipindi ambayo programu hizo huisoma, kama kipande cha pembeni, si kama kipindi kamili. Kampuni nyingi za kuhifadhi sauti zina sehemu ya kuchagua aina. Ndani ya mlisho wenyewe huonekana hivi:

```
<itunes:episodeType>trailer</itunes:episodeType>
```

Ukisahau, sekunde 40 zitahesabiwa kama kipindi kipya, na mtu aliyejiandaa kwa safari ya Chalinze atajikuta amebaki na ukimya kabla gari halijatoka stendi.

Mtu wa mwisho kukisikia kabla hakijatoka awe mgeni mwenyewe. Mtumie faili la sauti kwa WhatsApp na mwambie wazi kwamba hii ndiyo sentensi utakayoitangaza, na kwamba watu wasiomjua wataisikia bila yale mengine aliyoyasema. Mpe siku mbili. Akisema kicheko kiondoke, kiondoe, hata kama wewe unakipenda.